Kuandika skripti ya video ya kuongea kwa watazamaji wanaoruka ruka

Swali: Habari mtaalam, nina video ya dakika 8 naongea mbele ya kamera kuhusu kuondoa mwangwi kwenye sauti. Chapta nimeweka lakini watu wakiruka wanapotea, kwenye komenti wanauliza vitu nilivyoshasema. Alafu wengi wanatoka nikiwa bado nasalimia. Skripti niiandikeje?

Jibu: Salama ndugu. Anza na chapta, kionjo cha mwanzo kiandike mwisho kabisa ukishajua video yako inatoa nini.

Shida yako kubwa naamini iko kwenye sentensi ya kwanza ya kila chapta. Mtu anaeruka anatua pale bila kusikia chochote cha nyuma, sasa akikutana na "ukishamaliza hiyo, isogeze kidogo kama nilivyoonyesha", hajui unaongelea nini. Na Kiswahili kinatuponza hapa, maana "isogeze" ni sentensi kamili, kile kinachosogezwa kimejificha kwenye kile kiherufi "i" na we unaeandika huoni kama kuna kitu kimepungua. Kwaiyo sheria ninayoishika ni kwamba sentensi ya kwanza ya chapta lazima itaje kitu kwa jina lake na shida kinayoleta. Hiyo hapo juu ingekuwa hivi: "Maiki ikiwa mbali na mdomo inaokota mwangwi wa chumba kuliko sauti yako, isogeze mpaka ibaki kama shubiri moja, sentimita 20 hivi." Aliyeangalia toka mwanzo haoni kama umerudia, na aliyetua sasa hivi ameshaelewa.

Kupima ni rahisi: print kila chapta kwenye karatasi yake, mpe mtu karatasi moja tu ya katikati, asome mistari miwili ya mwanzo kisha akuambie inahusu nini. Akiuliza "hii ni ipi?" umepata pa kurekebisha. Kuna hatua zinategemeana kweli kweli na hizo usilazimishe zijitegemee, sema tu "hapa lazima blanketi liwe limeshawekwa, angalia chapta ya Blanketi liwekwe wapi" alafu endelea.

Majina nayo yaandike kama kitu mtu anachotafuta. "Hatua ya pili" haimwambii kitu anaetafuta habari za maiki. Yawe mafupi, neno la muhimu litangulie, kwenye simu jina refu linakatwa. Ya kwako ningeandika hivi:

```
0:00 Sauti kabla na baada
0:18 Mwangwi unatoka wapi
1:34 Maiki ikae umbali gani
3:10 Blanketi liwekwe wapi
5:20 Jaribu kabla ya kurekodi
6:48 Mwangwi uliobaki kwenye editi
```

YouTube inataka orodha ianze na 0:00, muda uwe kwa mpangilio, chapta zisipungue tatu na kila moja iwe na sekunde 10 au zaidi, kwaiyo kionjo kikiwa cha sekunde 7 tu usikipe chapta yake, kiunganishe na inayofuata. Muda uandike ukishamaliza editi yote. Na kwa kuwa unaandikwa kwa sekunde nzima, kama sentensi inaanza 1:34 na nusu andika 1:34, ukiandika 1:35 umemkata mtu neno la kwanza na ndo lile lenye jina la kitu. Ndo maana wakati wa kurekodi nashauri unyamaze sekunde moja au mbili kati ya chapta na chapta.

Sasa kionjo. Salamu toa kabisa au iweke baadae kwa mstari mmoja. Kwako ushahidi unasikika, basi fungua na sentensi ile ile mara mbili, kwanza ya chumba kitupu kisha ya chumba ulichokitengeneza, na useme: "Simu ni ile ile, chumba ni kile kile, nimebadilisha umbali wa maiki na nimetundika blanketi nyuma ya kamera." Sekunde 18 zinatosha, alafu ingia moja kwa moja kwenye chapta inayofuata. Ila maelezo ambayo mtu asipoyasikia atakwama usiyaweke humo, kwa sababu mtu anaeruka, kionjo ndo kitu cha kwanza anachokiruka. Sababu ya blanketi kukaa nyuma ya kamera, kwamba sauti yako inaenda mbele na kugonga ule ukuta mtupu ikarudi kwenye maiki, isubiri chapta ya blanketi. Na ulivyovitaja kwenye kionjo, maiki na blanketi, viwepo kwenye majina ya chapta kwa maneno yale yale, mtu avione avibonyeze.

Ukishapandisha, subiri watazamaji wa kutosha kisha fungua grafu ya utazamaji ndani ya YouTube Studio. Ikipanda ghafla pale chapta inapoanza, watu wanarukia hapo. Ikipanda alafu ikaporomoka ndani ya sekunde chache, jina limewavuta ila mwanzo wa chapta haujawapa walichofuata. Jina unaweza kulibadilisha hapo hapo kwenye maelezo ya video, sentensi uliyoitamka inabidi ungoje video nyingine.