Weka bei ya mwisho kabla ya kushindana

"Nauza kwenye soko la mtandaoni, na nimewasha mfumo wa kubadili bei wenyewe. Unakimbizana na muuzaji mwenzangu hadi faida imeisha. Niuzime?"

Usiuzime, mkuu. Uwekee bei ya mwisho, ile ambayo hata mteja abembeleze vipi hushuki. Wengi hukosea hesabu hapa: wanaongeza asilimia ya kamisheni juu ya gharama, wakati soko hukata kamisheni kwenye bei ya kuuzia. Kwa hiyo gawanya. Tuseme spika umeinunua 20,000, kuifungasha ni 1,000, na faida ndogo kabisa unayokubali ni 3,000. Jumla 24,000. Kamisheni ikiwa 15%, wewe unabaki na 85% ya bei, kwa hiyo 24,000 ÷ 0.85 ni kama 28,240. Ukizidisha kwa 1.15 utauza 27,600, soko litakata lake ubaki na 23,460. Hapo 540 imepotea kwa kila spika.

Mwenzako akishuka chini ya 28,240, mfumo usigande hapo. Uagize urudi kwenye bei yako ya kawaida, mathalan 33,000. Kama naye anatumia mfumo unaokufuata wewe, ukipanda huenda naye akapanda. Na kama amebakiza spika tatu tu, mwache azimalize.

Mzigo mpya ukija ghali, badilisha bei ya mwisho siku hiyohiyo, maana mfumo haujui ulinunua kwa kiasi gani.