Matoke kwa mwenye kisukari

"Mama ana kisukari. Tumemwachisha ndizi mbivu, anakula matoke tu hadi ashibe, lakini sukari bado inapanda. Si ndizi mbichi haina sukari?"

Pole kwa kuuguza, dada. Sukari ya ndizi mbichi kweli ni kidogo, lakini wanga umejaa. Ndizi ikiiva, vimeng'enya vyake huuvunja wanga huo kuwa sukari, ndiyo maana hulainika na kuwa tamu. Wanga wa ndizi mbichi ni mgumu kumeng'enywa, ila ugumu huo hupungua sana ukishaichemsha: wanga hufumuka, na mwili huugeuza glukosi upesi.

Kwa hiyo tazama kiasi. Gramu 100 za ndizi za kupika zilizochemshwa zina wanga wa gramu 25 hadi 30 hivi. Sahani ya kushiba ya gramu 400 inampa mama gramu 100 au zaidi za wanga kwa mlo mmoja, na hapo ndipo naona tatizo lilipo.

Mpimieni gramu 150 za matoke, sahani iliyobaki ijazeni mchicha na samaki. Pimeni sukari kabla ya kula, kisha saa 2 baada ya tonge la kwanza. Ikizidi 10 mmol/L mara kwa mara, punguzeni tena. Ndizi mbivu ndogo, nusu yake, si haramu kwake, mradi wanga mwingine wa mlo huo upungue.

Kama anatumia insulini au glibenklamidi, zungumzeni na daktari kwanza, kwani kupunguza chakula ghafla kunaweza kumshusha sukari kupita kiasi.