Kinyama kilichotoka kizima nikiwa hedhini

Siku ya pili ya hedhi tumbo lilinikaza hadi nikachuchumaa bafuni nimeshika ukuta. Maumivu yalikuja na kuachia, yakaja tena, kisha nikahisi kitu kinateleza. Kwenye pedi kulikuwa na kinyama cha pinki na kijivu, kirefu kama kidole gumba, kipana juu na chembamba chini. Dakika chache baadaye maumivu yakatulia. Shangazi alipokiona akasema, "Pole mwanangu, hiyo mimba imetoka."

Nilimwamini, maana nilikuwa nimechelewa sindano ya miezi 3 kwa wiki 5.

Muuguzi niliyempigia aliniambia nisikitupe, nikiweke kwenye kopo safi lenye kifuniko niende nacho. Nilikuwa nimeshakisuuza, na hapo niliona tofauti moja: damu iliyoganda ukiibonyeza inavurugika, hiki kilibaki kizima.

Kwa kawaida ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hutoka vipande vidogo pamoja na damu. Mara chache hubanduka wote kwa pamoja, ukiwa na umbo la mfuko wenyewe, ndiyo maana changu kilikuwa kama pembetatu. Kukipitisha kwenye mlango mwembamba wa kizazi ndiko kunakoleta yale maumivu. Hali hii inahusishwa na homoni ya projesteroni, ikiwemo iliyo kwenye sindano, vijiti na vidonge vya uzazi wa mpango, ingawa humpata hata asiyetumia chochote.

Mimba changa inapotoka, kinyama chake kikiwekwa majini huweza kuonyesha nyuzinyuzi laini zinazotawanyika kama mwani. Lakini mara nyingi zimefunikwa na damu, kwa hiyo mimi singemshauri mtu aamue kwa macho. Kipimo cha mkojo kinasaidia zaidi, kwa sababu mimba ikitoka, kipimo huendelea kuonyesha ipo kwa siku kadhaa, hata wiki. Changu kilionyesha hakuna mimba. Maabara nayo ilikichunguza kwa hadubini na haikuona dalili ya kondo la nyuma. Ulikuwa ukuta mtupu.

Kama kipimo changu kingeonyesha mimba, mambo yangekuwa mengine kabisa. Mimba ikitunga kwenye mrija wa uzazi, mfuko wa uzazi nao huutayarisha ukuta wake, na ukuta huo unaweza kutoka mzima vilevile. Mwanamke akaona kinyama, akadhani mimba imeshatoka yote, kumbe ingali inakua mrijani. Hapo inahitajika ultrasaundi, na pengine kipimo cha homoni ya mimba kwenye damu kinachorudiwa baada ya saa 48.

Ukisikia maumivu upande mmoja wa chini ya tumbo, maumivu kwenye ncha ya bega, kizunguzungu au kuzimia, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Nenda pia ukilowesha pedi 2 kwa saa moja, saa 2 mfululizo, au ukipata homa na uchafu wenye harufu mbaya.