Kwa nini mrija wa silika hulegea kabla ya kuyeyuka

Swali: Mhandisi, mrija wa kioo cha silika katika tanuri ya maabara yetu umebonyea katikati baada ya kukaa siku kadhaa kwenye nyuzijoto 1,250, na sehemu yake moja imegeuka nyeupe kama chaki na kupasuka. Vitabu vinasema silika huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,713. Je, tuliuziwa bandia? Na mbona kila jedwali lina namba yake ya mpito wa kioo, yaani joto ambalo kioo kigumu huanza kulegea?

Jibu: Hamkuuziwa bandia. Nyuzijoto 1,713 ni za kristobaliti, yaani silika iliyo katika hali ya fuwele, ilhali mrija wenu ni kioo, na kioo hakiyeyuki kwa maana ambayo fuwele huyeyuka.

Fuwele inapofika kwenye joto lake la kuyeyuka, halijoto husimama pale pale huku nishati ikiendelea kuingia, mpaka mpangilio wote wa atomu uvunjike. Pande mbili, fuwele na uoevu, hukaa bega kwa bega kwa wakati mmoja, na kipimajoto kitatoa namba ile ile iwe umepasha haraka au polepole. Kioo hakina kituo cha namna hiyo. Ukikipasha moto, hulegea kidogo kidogo, na katika kipimo cha nishati hutaona kilele bali kidato tu, tena kwa silika kidato chenyewe ni kidogo kiasi cha kumponyoka mpimaji asiye makini. Kinachobadilika ni mnato, yaani uzito wa kutiririka. Kwa desturi ya fani hii, mpito wa kioo huhesabiwa pale mnato unapofika paskali-sekunde trilioni moja, na kwa silika safi hilo hutokea karibu na nyuzijoto 1,200.

Namba hiyo ya trilioni moja haikuchaguliwa kwa kupenda ukubwa wake. Ukigawanya mnato kwa ugumu wa kioo dhidi ya kusokotwa, ambao kwa silika ni gigapaskali 31 hivi, unapata muda ambao atomu huhitaji ili kujipanga upya baada ya kusumbuliwa. Kwenye nyuzijoto 1,200 muda huo ni kama nusu dakika. Kwa kuwa mnato wa silika katika eneo hili hupanda kwa kasi kubwa joto linaposhuka, makadirio yangu ni sekunde 5 kwenye nyuzijoto 1,250, nusu saa kwenye 1,100, na siku karibu tatu kwenye 1,000. Sasa tazama mrija wenu: kwenye 1,250 atomu zilikuwa zikijipanga upya kila baada ya sekunde chache, na uzito wa mrija wenyewe ulikuwa ukivuta chini usiku na mchana. Hakuna kilichoyeyuka, lakini uoevu mzito ulikuwa ukitiririka.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayojibu suala la majedwali. Chukulia silika iliyo moto sana inapozwa. Mwanzoni atomu zina muda wa kutosha wa kuifuata halijoto inavyoshuka, lakini kadiri joto linavyopungua ndivyo zinavyochelewa, mpaka inafika mahali ambapo halijoto imekwisha kuondoka kabla hazijamaliza kujipanga. Hapo mpangilio huganda kama ulivyo, na hapo ndipo tunapopaita mpito wa kioo. Ukipoza kwa nyuzi 10 kwa dakika badala ya nyuzi 1, atomu huachwa nyuma mapema zaidi, kwenye joto la juu zaidi. Kwa silika tofauti hiyo ya mara kumi husogeza mpito kwa takribani nyuzi 60. Kioo cha kawaida cha dirisha husogea pungufu ya nusu ya hapo. Ongeza kwamba kiasi kidogo cha maji kilichofungwa ndani ya kioo, au sodiamu kidogo tu, hushusha mnato, na utaona kwamba majedwali mawili yanaweza kutofautiana kwa nyuzi 100 bila hata moja kukosea. Namba ya mpito isiyoambatana na kasi ya upozaji na aina ya kioo haijakamilika.

Kuna jambo moja hapa ambalo hata wazoefu hulisahau. Vioo vingi vikipozwa haraka hubaki na nafasi kubwa zaidi ndani na hivyo kuwa vyepesi kidogo, lakini silika hufanya kinyume: ikipozwa haraka kutoka joto la juu huwa nzito kidogo kuliko ile iliyopozwa polepole. Msikisie historia ya mrija kwa kufuata kanuni ya vioo vingine.

Tofauti ya kioo na fuwele mara nyingi huelezwa kwamba fuwele ina mpangilio na kioo hakina. Maelezo hayo ni ya nusu njia. Katika hali zote mbili kila atomu ya silikoni imezungukwa na atomu nne za oksijeni zilizokaa kwenye pembe za piramidi ya nyuso nne, na umbali kati ya silikoni na oksijeni ni ule ule, karibu nanomita 0.16. Ukikaa juu ya silikoni moja na kutazama majirani wa karibu tu, huwezi kujua uko wapi. Tofauti inaanzia kwenye oksijeni, ambayo ni bawaba inayounganisha piramidi mbili. Ndani ya fuwele bawaba hukunjwa kwa pembe maalumu zinazojirudia. Ndani ya kioo pembe hizo zimetawanyika kuanzia karibu nyuzi 120 hadi 180, wastani ukiwa kama 144. Kwa hiyo piramidi zinazoshikana kufanya pete hufanya pete za sita sita katika kristobaliti, lakini katika kioo utakuta za tano, sita, saba na nyinginezo zimechanganyika. Picha hii ya mtandao usiojirudia ilitolewa na mwanafizikia Zachariasen mwaka 1932, na kwa sehemu kubwa bado inasimama.

Madoa meupe ni habari nyingine, na ndiyo iliyoua mrija wenu. Chini ya 1,713 fuwele ndiyo hali tulivu zaidi. Kinachozuia kioo kuirudia ni mnato tu, ambao hata kwenye joto lenyewe la kuyeyuka ni takribani mara bilioni moja ya ule wa maji. Kwenye 1,250, pakiwa na siku kadhaa na sodiamu iliyoachwa na vidole vilivyoshika mrija bila glovu, kristobaliti huanza kuota juu ya uso. Ikiwa moto haina madhara makubwa, ila ikipoa, mahali fulani kati ya nyuzijoto 270 na 200 hujikunja ghafla kwa asilimia kadhaa za ujazo, wakati kioo kilicho chini yake karibu hakisinyai kabisa. Ndipo mpasuko unapotokea.

Kuhakikisha ni rahisi. Kwaruzeni unga mweupe kidogo mkaupige eksirei zinazotolewa na shaba: kioo hutoa kilima kipana karibu na nyuzi 22 za pembe ya mtawanyiko, na kristobaliti hutoa mstari mwembamba mkali karibu mahali pale pale. Ukiona mstari umesimama juu ya kilima, mna vyote viwili.

Mrija ujao usafisheni kwa alkoholi na kuushika kwa glovu, kisha msizidi 1,100 kwa kazi za siku nyingi. Ukianza kuota weupe, msiuache upoe chini ya 300 kati ya kazi na kazi. Na kama 1,250 haiepukiki, nunueni mrija wa alumina.