Vidoa Vyeupe vya Miundi: Maswali ya Wasomaji

Shikamoo daktari. Mama ana miaka 63, na miundi yake imejaa vidoa vyeupe kama punje za mtama. Haviwashi, ila vinaenea. Ni mbalanga?

Marahaba. Kwa maelezo hayo haielekei kuwa mbalanga. Watu wengi waliopita miaka 40 hupata vidoa vya namna hiyo sehemu ya mbele ya mguu chini ya goti, na baadaye upande wa nje wa mikono. Kila kimoja huwa na upana wa milimita 2 hadi 5 hivi, ukingo wake huonekana wazi, na ngozi yake ni laini. Hapo seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zimepungua au zimepunguza kazi, jambo linalohusishwa na umri, jua la miaka mingi na urithi wa familia.

Hilo neno “vinaenea” ndilo la kuchunguza. Vidoa vya uzee huongezeka idadi, lakini kimoja kimoja, kikishafikia ukubwa wake, kwa kawaida hakikui. Weka sarafu kando ya vidoa vitatu unavyoweza kuvitambua tena, uvipige picha mchana karibu na dirisha, kisha urudie baada ya miezi mitatu ukitumia sarafu ileile. Mbalanga, yaani vitiligo, hutanuka na mabaka yake huungana, nayo hupenda kuzunguka mdomo na macho, ncha za vidole na pande zote mbili za mwili. Tazama pia vinyweleo: ndani ya vidoa vya uzee mara nyingi hubaki na rangi yake, ilhali katika baka la mbalanga vinaweza kugeuka vyeupe.

Duka la dawa walinipa krimu ya fangasi. Nimepaka wiki sita, hakuna kilichobadilika. Nitafute kali zaidi?

Usitafute kali zaidi. Fangasi anayeleta mabaka mepesi, ambaye wengi humwita utangotango, huishi kwa mafuta ya ngozi, kwa hiyo hushamiri kifuani, mgongoni, shingoni na mabegani. Kwenye muundi, ambako ngozi ni kavu, ni nadra kumkuta peke yake. Ukilivuta baka lake kwa vidole viwili au kulikwaruza taratibu kwa ukucha, hutoa vumbi laini kama unga.

Mzee mmoja wa miaka 68, dereva mstaafu, alinijia na tyubu nne zilizokwisha. Nilipokwaruza vidoa vya miundi yake havikutoa chochote, lakini alipovua shati, mgongo wake ulikuwa na mabaka yenye unga. Alikuwa na mambo mawili, na dawa ilikuwa imepakwa mahali pasipoihitaji. Tulitibu mgongo, nikamwonya kwamba hata fangasi akifa weupe huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi, kurudia rangi. Kipimo cha kupona ni kutoweka kwa ule unga. Tyubu mbili kati ya zile zilikuwa zimechanganywa na steroidi, ambayo ikipakwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba, na muundi wa mzee tayari huchanika kwa kugonga stuli tu.

Jirani amenitisha kwamba ni ukoma. Nitajuaje?

Baka la ukoma kwa kawaida ni kubwa kuliko punje, rangi yake hufifia bila kuwa nyeupe kabisa, na mara nyingi limepoteza hisia. Fumba macho, mtu akuguse kwa ncha ya pamba mara ndani ya doa, mara nje, nawe uonyeshe kwa kidole ulipoguswa. Ukikosea ndani ya doa mara kwa mara, au kama mguu una ganzi, nenda kituo cha afya. Dawa za ukoma hutolewa bure.

Kwa wazee waliokulia maeneo yenye usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo wa mitoni, mfano Mahenge mkoani Morogoro, kuna jambo jingine: mabaka meupe ya miundi yenye nukta nyeusi kuzunguka vinyweleo, mithili ya ngozi ya chui. Hayo ni alama ya usubi wa muda mrefu, nayo yataje kwa daktari wako.

Kuna dawa ya kuviondoa?

Havihitaji dawa. Wataalamu wengine huvigandisha kwa naitrojeni ya kimiminika kwa sekunde chache, na baadhi hurudisha rangi, lakini matokeo hayatabiriki na ngozi nyeusi inaweza kubaki na alama mbaya kuliko kidoa chenyewe. Kufunika miguu juani hupunguza tofauti ya rangi, kwa kuwa jua hukoleza ngozi ya kando na kukiacha kidoa kilivyo. Ninachokataza kabisa ni kujichubua ili ngozi yote ilingane: krimu zenye haidrokwinoni zenyewe zinaweza kuleta vidoa vyeupe vilivyotapakaa, na hapo hata mimi nitashindwa kukwambia kipi kilitokana na umri na kipi kilitokana na krimu.