OPG nimeshapiga, CBCT ya nini tena?

Swali: Dokta, gego langu la mwisho chini kulia limelala, linatakiwa kutolewa. OPG nimepiga, sasa naambiwa nikapige na CBCT. Hiyo ya kwanza haitoshi? Naogopa mionzi na hela pia.

Jibu: Pole na hilo gego. Mara nyingi OPG, ile eksirei bapa ya taya zima, inatosha kabisa, ila inategemea imeonyesha nini pale mizizi ilipokaribia mfereji wa mshipa wa fahamu. Huo mshipa unapita ndani ya taya la chini na ndio unaokupa hisia za mdomo wa chini na kidevu, ukiumia unabaki na ganzi, kuna wanaopona baada ya miezi na kuna ambao hisia hazirudi tena.

Kwenye OPG mfereji unaonekana kama mistari miwili myeupe. Ikiwa inapita chini ya mizizi bila kuigusa basi CBCT, yaani picha ya pande tatu, haina kazi, toa jino. Kinachotutia wasiwasi ni mstari mweupe kukatika unapofika kwenye mzizi, au mzizi kuwa na kivuli cheusi pale unapokatizwa na mfereji, au mfereji wenyewe kupinda ghafla. Shida ni kwamba OPG inabana taya zima kwenye picha bapa, kwahiyo vitu viwili vikipandana huwezi kujua kama vimegusana kweli au kimoja kipo upande wa shavu na kingine upande wa ulimi.

Chukulia mgonjwa wa miaka 26, gego limelala, OPG ina kivuli cheusi na mstari umekatika. CBCT ikionyesha mfereji upo upande wa shavu na kuna mfupa katikati, daktari analitoa kawaida, anajua tu asichimbe upande gani. Lakini ikionyesha mfereji umebanwa kati ya mzizi na upande wa ulimi, hakuna mfupa katikati, hapo mpango unabadilika, daktari anaweza kukata kichwa cha jino na kuacha mizizi humo humo, mradi haina usaha na hailegei. Hiyo mizizi baadaye inaweza kupanda juu kwahiyo lazima mgonjwa afuatiliwe.

Ujue pia CBCT haionyeshi mshipa wenyewe, inaonyesha mfereji tu, na haikuhakikishii kwamba ganzi haitatokea. Ndio maana mimi sikubali ipigwe kwa kila gego.

Kuhusu mionzi, OPG moja ni kama ile unayoipata kwenye mazingira kwa siku chache tu. CBCT iko juu zaidi, na inatofautiana sana kulingana na mashine na ukubwa wa eneo, kwahiyo kwa gego moja omba eneo dogo, kama sentimita 5 kwa 5, sio kichwa kizima.

Muulize daktari wako ameona alama ipi kati ya hizo, na majibu ya CBCT yatambadilishia nini kwenye upasuaji. Akikuonyesha mstari uliokatika, kapige. Akisema hakuna alama yoyote ila ni utaratibu wa kliniki tu, una haki ya kukataa.