Picha ya ikisiri bila ukurasa wa jina ni hasara ya nauli

Mwaka wangu wa kwanza wa umahiri, idara ya Kiswahili, msimamizi alinipa wiki tatu nimletee bibliografia yenye maelezo: kila chanzo marejeleo yake kamili, chini yake aya fupi inayosema kazi ile inahusu nini na mimi itanifaa wapi. Tasnifu nilizozihitaji zilikuwa maktaba, zile za jalada gumu ambazo haziazimwi. Kutoa kopi tasnifu nzima ilikuwa marufuku, ila ikisiri ungeweza kuipiga picha. Basi nikakaa pale siku mbili na simu yangu, nikarudi Mbagala na picha arobaini na kitu, nikijiona nimemaliza kazi.

Usiku nikafungua picha ya kwanza. Ikisiri safi, inasomeka, ukurasa wa vi. Ya nani? Haisemi. Ya mwaka gani? Haisemi. Ukurasa wa ikisiri katika tasnifu huwa hauna jina la mwandishi wala mwaka. Hivyo viko mbele, kwenye ukurasa wa jina, na katikati umepita uthibitisho, ikirari na hakimiliki, shukurani, pengine na tabaruku. Kumi na moja kati ya picha zangu zilikuwa hivyo, yatima. Nikapanda daladala tena kesho yake. Mama wa maktaba akaniuliza, "Dada, si ulisema umemaliza?"

Tangu siku ile napiga kwa utaratibu ambao sijauvunja. Kabla ya kufungua chochote naandika namba kubwa kwenye kipande cha karatasi, mfano 7, nakiweka pembeni ya ukurasa wa jina ili namba ionekane ndani ya picha yenyewe. Napiga ukurasa wa jina, kisha ikisiri, kisha ukurasa wa pili wa ikisiri kama upo. Nikifika nyumbani nabadilisha majina ya mafaili:

```
07a-jina.jpg
07b-ikisiri.jpg
07c-ikisiri.jpg
```

Karatasi ile ndiyo inayookoa. Simu hupanga picha kwa saa, lakini ukirudia picha moja iliyotikisika, au ukituma nusu kwa WhatsApp kwenda kwenye kompyuta, mpangilio unaharibika na hujui tena ikisiri ipi ni ya nani.

Makala za jarida zina mtego mwingine. Ukurasa wa kwanza wa makala huwa na jina la mwandishi, kichwa na ikisiri, kwa hiyo mtu anaona amepata vyote. Juzuu, toleo na mwaka vinaweza kuwa kwenye jalada tu, hasa matoleo ya zamani. Kwa hiyo napiga na jalada, na ukurasa wa yaliyomo, kisha nafunua hadi mwisho wa makala niandike namba ya ukurasa wa mwisho, maana marejeleo ya makala yanataka kurasa kuanzia ngapi hadi ngapi. Na jina la mchapishaji liandike kama lilivyo kwenye jalada. Ukikuta TUKI usiigeuze TATAKI kwa kudhani unasahihisha. Taasisi hiyo ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilibadilika jina mwaka 2009, na kilichochapwa kabla ya hapo ni cha TUKI.

Kuhusu kutoa maandishi kwenye picha: Google Lens inasoma Kiswahili vizuri kuliko nilivyotegemea, lakini nimejifunza inakokosea. Ukurasa ukijikunja karibu na mshono wa kitabu, herufi za mwisho wa mstari zinaliwa. Neno lililokatwa kwa kistari mwisho wa mstari linabaki limekatwa. Alama ya ng' hupotea, na ng'ambo inakuwa ngambo. Haya ukisoma unayaona. Usiyoyaona ni tarakimu: 1986 na 1988 kwenye chapa ya taipureta iliyofifia zinafanana sana, na hakuna kitu kwenye sentensi kitakachokushtua. Mimi namba zote, mwaka, juzuu, kurasa na idadi ya watoataarifa, nazichapa kwa mkono huku nimeikuza picha. Maneno mengine yapite tu.

Sasa kuandika kiingizo chenyewe. Rasimu yangu ya kwanza ilirudi kutoka kwa msimamizi na maneno mekundu: "Hii ni ikisiri yake. Yako iko wapi?" Alikuwa na haki. Nilikuwa nimenakili ikisiri na kupunguza maneno.

Nitatunga mfano ili nisimtaje mtu. Tuseme ikisiri inasema hivi: "Utafiti huu ulichunguza majina ya zana za uvuvi katika masoko mawili ya samaki. Data zilikusanywa kwa usaili na ushuhudiaji kutoka kwa watoataarifa 24. Matokeo yanaonesha kuwa majina mengi ya nyavu yametokana na utohozi. Utafiti unapendekeza istilahi hizo ziingizwe kwenye kamusi." Kiingizo changu leo kingekuwa hivi:

"Anachunguza majina ya zana za uvuvi katika masoko mawili, kwa usaili na ushuhudiaji, watoataarifa 24. Anaeleza kuwa majina mengi ya nyavu yametoholewa. Ikisiri haisemi yametoholewa kutoka lugha gani, wala 'mengi' ni mangapi kati ya mangapi. Itanifaa sura ya pili, sehemu ya utohozi. Nitafute orodha ya majina kwenye viambatisho. Nimesoma ikisiri tu."

Angalia nilichoacha. Pendekezo la kamusi limetoka, kwa sababu tasnifu nyingi zinapendekeza hivyo na halinisaidii. Angalia pia kitenzi: anaeleza. Sikuandika anathibitisha, kwa sababu ushahidi sijauona; nimeona mwandishi akijieleza mwenyewe katika ukurasa mmoja. Kwa sababu hiyohiyo siwezi kuandika "utafiti huu una udhaifu wa sampuli." Ninachoweza kusema kwa haki ni kile ambacho ikisiri imenyamazia, na sentensi hiyo ya tatu ndiyo msimamizi alianza kuiwekea vema, maana inaonesha nikifungua kazi nzima ninakwenda kutafuta nini.

Sentensi ya mwisho, "nimesoma ikisiri tu", wenzangu wengi wanaiona aibu na kuifuta. Mimi naiacha hadi siku nitakapofungua tasnifu yenyewe. Baada ya miezi minne hukumbuki ipi uliisoma yote na ipi uliiona kwa picha, na hapo ndipo mtu anajikuta ananukuu matokeo ya sura asiyowahi kuifungua. Kwenye Zotero, programu ninayotunzia marejeleo, nimeifanya lebo, kwa hiyo nikibofya mara moja zinajitokeza zote ambazo bado.

Urefu, mimi sivuki maneno themanini. Ikizidi hapo, mara nyingi nimeanza tena kunakili.

Mwisho nilibaki na vyanzo 26. Saba kati yake, sentensi ya tatu ilinisumbua vya kutosha nikarudi maktaba kuomba kazi nzima na kukaa nayo pale mezani. Moja ilinishangaza: ikisiri iliandika watoataarifa 40, sura ya tatu ikaonesha jedwali la watu 36, bila maelezo wale wanne walikwenda wapi. Nikaandika 36, nikaongeza namba ya ukurasa wa lile jedwali, nikaondoa lebo.